Nasibu haionekani kwa macho

Rusha sarafu mara 20. Ikiangukia kichwa mara zote, utaigeuzageuza kuona kama ina vichwa viwili. Ukipata KNNKNKKKNKNNKNKNKKNN, hutashtuka. Hata hivyo, sarafu isiyo na hila hutoa safu yoyote kati ya hizo mbili kwa uwezekano uleule: mara moja katika 1,048,576.

Shaka yako ina msingi, ila inahusu sarafu. Safu ya kwanza inasimulika kwa maneno machache, "K mara 20", na sarafu ya vichwa viwili ingeitoa kila siku. Ya pili huna njia ya kuifupisha. Itabidi uitaje herufi moja moja. Mwaka 1965 mwanahisabati Mrusi, Andrei Kolmogorov, alipendekeza kwamba utata wa safu upimwe kwa urefu wa programu fupi kuliko zote inayoweza kuiandika. Kwa kipimo hicho, safu nyingi mno zinazotoka kwenye sarafu halali hazibaniki.

Ila hakuna kanuni inayoweza kuipata programu hiyo fupi kwa kila safu. Faili ikikataa kubanwa na gzip, ujue tu kwamba gzip haikuona mpangilio. Huenda aliyeitengeneza anaujua.

Watumiaji wa Debian, mfumo wa kompyuta unaoendesha seva nyingi, waliyaona hayo Mei 2008. Nyuma yake, mwaka 2006, mtunzaji mmoja wa programu ya OpenSSL alikuwa ameondoa msimbo uliokuwa ukileta maonyo wakati wa ukaguzi. Kumbe ndio uliokuwa ukiingiza vitu visivyotabirika kwenye utengenezaji wa funguo za siri. Kilichobaki kubadilika ni namba ambayo kompyuta huipa kila programu inapoanza kazi, na namba hizo kwa kawaida hazikuzidi 32,767.

Chukua ufunguo mmoja wa wakati huo, wa biti 2048. Ukiutazama ni vurugu tupu, na kuubana hakukufikishi popote. Lakini ukijua aina ya mashine na ukubwa wa ufunguo, maelezo yake kamili ni haya: endesha programu ile, namba 4127. Namba hiyo inaenea katika biti 15. Mshambuliaji hakuhitaji kuvunja hesabu yoyote ngumu. Alijaribu namba zote, moja baada ya nyingine, kazi ya saa chache.

Hakuna aliyeweza kuutambua ufunguo mbovu kwa kuukodolea macho, kwa hiyo mabingwa walizitengeneza upya funguo zote zinazowezekana, wakaziweka kwenye orodha, na kila mwenye seva akalinganisha za kwake. Kusasisha programu peke yake hakukutosha: ufunguo uliozaliwa kabla ya marekebisho ulibaki wazi mpaka utupwe.