Maji ya Korongo la Kihansi

Bwawa la umeme la Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa nchini Tanzania, lilianza kujengwa mwaka 1994. Miaka miwili baadaye watafiti walimgundua korongoni chura mdogo azaaye watoto hai, anayetegemea manyunyu ya maporomoko. Mitambo ilipowashwa, maji mengi yalielekezwa kwenye handaki na manyunyu yakakauka. Vinyunyizio vilifungwa, lakini mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kutoweka porini.

Tathmini ya mradi kama huu hukagua pia mto chini ya bwawa, pamoja na wakulima na wavuvi wake. Kiasi cha maji kitakachoachwa huamuliwa kabla ya mkataba, maana maji yanayoachwa hupunguza umeme. Baada ya hapo, kuyadai ni vigumu.