Mrabaha Unaovuka Mpaka: Asilimia 20 ya Sheria, Asilimia 10 ya Mkataba

Mrabaha ni malipo anayopewa mwenye haki ili mwingine aruhusiwe kuitumia: jina la biashara, fomula ya dawa, hataza ya mtambo, filamu au programu ya kompyuta. Kampuni ya Kenya inapolipa mrabaha kwa kampuni ya nje, serikali haina njia rahisi ya kumfuata mpokeaji huko aliko ili kumdai kodi. Ndiyo sababu sheria imemtwika mlipaji kazi hiyo. Kabla fedha hazijatoka nchini, yeye hukata kodi ya zuio, huiwasilisha kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA, kisha humtumia mwenye haki kilichobaki.

Kwa mpokeaji asiye mkaazi wa Kenya, Sheria ya Kodi ya Mapato imeweka kiwango cha asilimia 20. Kodi hii hukatwa kwenye jumla ya malipo, bila kuondoa gharama hata moja, na ukali wake umo humo. Tuseme kampuni ya India imempa mtengenezaji wa dawa wa Nairobi leseni ya kutumia fomula na jina lake kwa shilingi milioni 10 kwa mwaka. Ikiwa kuitafiti na kuitunza fomula hiyo kunaigharimu kampuni milioni 7, faida yake ni milioni 3. Kodi ya zuio ya asilimia 20 ni milioni 2, yaani theluthi mbili ya faida yote, na bado serikali ya India nayo inataka kodi yake kwenye faida ileile.

Mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili unaingia hapo. Kenya na India zilikuwa na mkataba wa mwaka 1985, lakini katika mrabaha haukuleta nafuu yoyote, kwa kuwa nao uliruhusu asilimia 20. Mkataba mpya ulisainiwa Julai 2016, ukaanza kuwa na nguvu Agosti 2017, na kiwango cha mrabaha kikashushwa hadi asilimia 10. Katika mfano wa fomula, kodi inashuka kutoka milioni 2 hadi milioni 1.

Nani hasa anafaidika na milioni hiyo moja? Jibu limo ndani ya mkataba wa leseni, si katika mkataba wa nchi. Wenye haki wengi huandika kwamba wanataka kupokea fedha kamili, na kodi yoyote ya Kenya iwe juu ya mlipaji. Kampuni ya India ikidai milioni 9 mkononi, kwa kiwango cha asilimia 20 mtengenezaji wa Nairobi atalazimika kuhesabu mrabaha wa milioni 11.25, akate milioni 2.25, ndipo ibaki milioni 9. Kwa kiwango cha asilimia 10, mrabaha ni milioni 10 tu. Hapo nafuu ni milioni 1.25, na yote inabaki Nairobi. Kwa hiyo mlipaji aliyekubali sharti hilo ana sababu kubwa kuliko mwenye haki ya kuhakikisha kwamba kiwango cha mkataba kinatumika ipasavyo.

Kiwango hicho hakiji chenyewe kwa sababu anwani ya mpokeaji iko Mumbai. Kwanza, mpokeaji awe mkaazi wa India kwa mambo ya kodi, na athibitishe hilo kwa hati ya ukaazi iliyotolewa na mamlaka ya kodi ya India kwa kipindi kinachohusika. Pili, awe ndiye mmiliki wa kweli wa mrabaha, si kampuni ya kupitishia fedha ambayo ikipokea leo inazituma kesho kwa mwenyewe katika nchi nyingine. Tatu, haki inayolipiwa isiwe inahusiana na ofisi au kituo cha kudumu cha biashara ambacho mpokeaji anacho Kenya. Kikiwapo, malipo hutozwa kodi kama faida ya kituo hicho, na kifungu cha mrabaha hakitumiki.

Sheria ya Kenya imeongeza kizuizi chake. Ikiwa nusu au zaidi ya umiliki wa kampuni inayopokea, ukifuatwa hadi kwa watu wenyewe, uko mikononi mwa watu wasio wakaazi wa nchi ile yenye mkataba, nafuu haitolewi, isipokuwa kampuni iwe imeorodheshwa kwenye soko la hisa la nchi hiyo. Kizuizi hiki huwanasa walipaji wengi, kwa kuwa hati ya ukaazi huwa ipo na ni halali, ila hakuna aliyeuliza wenye hisa ni akina nani.

Jambo jingine la kuangalia ni maana ya neno lenyewe. Desemba 2024 Kenya ilipanua maana ya mrabaha katika sheria yake, ikaingiza malipo ya programu za kompyuta za kila aina, pamoja na ada za mafunzo, matengenezo na usaidizi. Mikataba mingi iliandikwa kabla ya hapo na haina maana pana kiasi hicho. Panapokuwa na mkataba, maana iliyomo ndani yake ndiyo inayoamua kama kifungu cha mrabaha kinahusika. Ankara moja inayochanganya leseni, mafunzo na usaidizi inafaa ichambuliwe mstari kwa mstari, kwani ada ya mafunzo huenda ikaangukia kifungu kingine chenye kiwango chake.

Mlipaji akikata asilimia 10 bila masharti kutimia, deni ni lake. KRA haimfuati mwenye haki India, inamdai aliyepaswa kukata. Katika mfano wa milioni 10, pengo ni milioni 1. Likigunduliwa baada ya miezi 30, riba ya asilimia 1 kwa mwezi inakuwa imefika shilingi 300,000, na adhabu bado haijahesabiwa.

Kukata zaidi kwa woga nako kuna hasara. India humruhusu mkaazi wake kupunguza kodi ya nyumbani kwa kodi aliyolipa Kenya, lakini kwa kiasi kile tu ambacho mkataba uliipa Kenya haki ya kutoza. Akikatwa milioni 2 badala ya milioni 1, milioni ya ziada haitambuliwi huko, na njia inayobaki ni kuomba KRA iirudishe.

Isidhaniwe pia kwamba kiwango cha mkataba huishinda sheria ya nchi kila mara. Mkataba huweka kikomo tu, hauanzishi kodi. Tanzania hutoza mrabaha unaokwenda nje asilimia 15, ilhali mkataba wake na Sweden unaruhusu hadi 20. Anayelipa mrabaha Sweden kutoka Dar es Salaam hukata 15, kwa sababu hakuna sheria ya nyumbani inayodai zaidi. Akiwa analipa India, mkataba wa 2011 unamshusha hadi 10.

Na mkataba wenyewe lazima uwe hai. Kenya na Mauritius zilisaini mkataba mwaka 2012, lakini mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha tangazo lililouingiza katika sheria. Sahihi za mawaziri wawili hazikutosha kumpa mlipaji wa Nairobi haki ya kukata pungufu ya asilimia 20.