Kuwaaga vibarua wa msimu bila kuwapa ahadi ya kurudi

Kwenye vituo vya kuosha kahawa vya Gitega, Nyarusange ikiwemo, pamoja na vile vya Muyinga, kazi huanza mvua za masika zinapoleta matunda mekundu na hupungua kuanzia Juni. Watu wa mizani, waoshaji na wapakiaji huambiwa siku moja kwamba basi. Mara nyingi nyapara huongeza: "Nendeni mpumzike, tutawaita." Hapo ndipo tatizo linapoanza.

Mtu aliyesikia hivyo anakopa dukani akitegemea msimu ujao, au anakataa kazi nyingine. Akikuta nafasi yake ina mtu, ana haki ya kuona amedanganywa.

Kwa wenye maghala upande wa pili wa mpaka wa Kobero, pale Kabanga wilayani Ngara, jambo hili lina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Ajira ya Tanzania ya 2004 inasema kutomrudishia mtu mkataba wa muda maalumu, ilhali alikuwa na sababu ya msingi kuutarajia, ni kuachishwa kazi. Kanuni za 2007 zinataja sababu hizo: ahadi za mwajiri, na mikataba iliyowahi kurudiwa.

Tuchukue mfano wa mpakiaji aliyefanya miezi minne mwaka jana na minne mwaka huu. Kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimgusi mwenye chini ya miezi sita, lakini sheria inahesabu "mkataba mmoja au zaidi". Kwa hiyo anaweza kudai ana minane. Tena ana siku 30 za kupeleka shauri kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Barua yake iwe hivi:

"Kazi ya kupakia kahawa ya msimu huu, tuliyokubaliana, imekwisha leo tarehe 15 Julai. Umelipwa siku zako zote hadi leo pamoja na stahili zilizoorodheshwa hapa chini. Barua hii si ahadi ya kazi msimu ujao. Tukihitaji watu tutatangaza, na wewe unaweza kuomba kama wengine."

Usiandike "likizo", "umesimamishwa kwa muda" wala "tutakuita". Maneno hayo yanaonyesha kuwa kazi bado ipo.

Barua pekee haitoshi kama matendo yanasema mengine. Ukimwacha aendelee kupakia malori wiki nzima baada ya tarehe hiyo, mkataba unaweza kuhesabika umeanza upya. Chukua sare na kitambulisho, mpe cheti cha utumishi, na mwambie nyapara asiahidi lolote kwa mdomo. Ni afadhali tarehe ya mwisho itajwe siku ya kwanza ya kazi. Mtu asiisikie siku ya kuondoka.

Wenye vituo upande wa Burundi wanaongozwa na sheria yao ya kazi iliyorekebishwa Novemba 2020, si hii ya Tanzania. Usivushe barua ya Kabanga jinsi ilivyo. Ionyeshe kwanza kwa mkaguzi wa kazi, kisha isomwe kwa Kirundi mbele ya kibarua kabla hajatia dole gumba.