Swali Linalowaangusha Wanaojua

Mmea hutoa gesi gani? A: oksijeni. B: naitrojeni. C: kabonidayoksaidi. D: haidrojeni.

Swali kama hili laweza kukaa katika mtihani wa sayansi wa Darasa la Saba miaka nenda, miaka rudi, bila mtu kulitilia shaka. Mwongozo wa usahihishaji unasema jibu ni A. Tuchukue shule ya mfano ambako wanafunzi 60 wamefanya mtihani wa majaribio wenye maswali 40, na hilo ndilo swali la 7. Karibu nusu yao wamelipata, waliobaki wamelikosa. Ukiishia hapo utasema swali ni zuri, kwa kuwa si jepesi mno wala si gumu mno. Kasoro yake hujitokeza pale mwalimu anapouliza jambo moja zaidi: waliolipata ni akina nani?

Kulijibu hilo hakuhitaji kompyuta. Mwalimu hupanga karatasi za majibu kuanzia yenye alama nyingi hadi yenye alama chache, kisha hutenga asilimia 27 za juu na asilimia 27 za chini. Kwa wanafunzi 60, hizo ni karatasi 16 kila upande, na 28 za katikati huwekwa kando. Kiwango hicho kilitolewa mwaka 1939 na Truman Kelley, mtaalamu wa takwimu za elimu wa Marekani. Hoja yake ilikuwa kwamba mpimaji anataka vitu viwili vinavyovutana: makundi yaliyo mbalimbali kweli kweli, na wakati huohuo yenye watu wa kutosha. Akichukua wachache wa kileleni na wachache wa mkiani, idadi haitoshi kuaminika. Akigawa darasa nusu kwa nusu, wale wa katikati wanaolingana wataivuruga picha. Asilimia 27 ndipo pande hizo mbili zinapopatana. Wapo walimu wanaotumia theluthi, na kwa darasa la kawaida hawaharibu kitu.

Kisha huhesabiwa, kwa kila kundi, wangapi walichagua A, wangapi B, C na D. Katika swali letu la 7, kundi la juu limetoa A mara 6 na C mara 10. Kundi la chini limetoa A mara 9, B mara 3, C mara 2 na D mara 2.

Hesabu ya kwanza ni fahirisi ya ugumu. Waliopata ni 6 na 9, jumla 15 kati ya 32, yaani 0.47. Jina lake linapotosha kidogo, maana kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo swali linavyokuwa jepesi. Hesabu ya pili ni fahirisi ya upambanuzi: toa waliopata wa chini kutoka kwa waliopata wa juu, kisha gawanya kwa idadi ya kundi moja. Hapa ni 6 kutoa 9, gawanya kwa 16. Jibu ni hasi 0.19.

Alama hiyo ya hasi ndiyo kengele. Swali limewapa alama dhaifu na kuwanyima hodari. Inapotokea hivyo, mwalimu aanze kwa kukagua mwongozo, kwani mara nyingi herufi imeandikwa vibaya tu. Mwongozo ukiwa sahihi, asome swali upya kwa jicho la mwanafunzi anayejua sana.

Mwanafunzi huyo anajua kwamba mmea unapotengeneza chakula kwenye mwanga hutoa oksijeni. Anajua pia kwamba mmea hupumua usiku na mchana, na upumuaji huo huzalisha kabonidayoksaidi. Swali halikumwambia ni wakati gani wala ni tendo gani. Kumi kati ya wale 16 wakaona mwalimu ametega mtego, wakachagua C. Aliyekariri sentensi moja tu, kwamba mimea hutoa oksijeni, hakuwa na cha kumtatiza.

Marekebisho yake ni ya maneno machache: “Mmea ukiwa kwenye mwanga mkali wa mchana, ni gesi ipi unayotoa kwa wingi zaidi?” Machaguo yabaki yaleyale. Tuseme swali hilo jipya linapewa kundi jingine la ukubwa uleule, na sasa 14 wa juu wanapata, na 6 wa chini. Ugumu unakuwa 0.63 na upambanuzi 0.50. Robert Ebel, bingwa wa upimaji ambaye viwango vyake bado vinatumika, aliliita swali lenye 0.40 na kuendelea kuwa zuri sana. Lenye 0.30 hadi 0.39 linafaa, lenye 0.20 hadi 0.29 linahitaji kuboreshwa, na lililo chini ya hapo litupwe au liandikwe upya.

Ugonjwa wa pili ni wa kimya zaidi. Katika mtihani uleule, swali la 3 linauliza kifaa cha kupima joto la mwili, na machaguo ni jembe, kipimajoto, rula na sufuria. Wote 16 wa juu wamelipata, na 15 wa chini. Ugumu 0.97, upambanuzi 0.06. Jibu limo ndani ya swali lenyewe, na hayo mengine matatu ni vichekesho. Chaguo lisilo sahihi lina kazi yake: kumvuta asiyejua, ndiyo maana huitwa kipotoshi. Wapimaji wengi hukihesabu kipotoshi kuwa kimekufa kikichaguliwa na watahiniwa walio chini ya asilimia 5. Badala ya kuhangaika na rula na sufuria, ni afadhali mwalimu aulize kwa nini kipimajoto cha zebaki hutikiswa kabla ya kumpima mgonjwa. Jibu ni kwamba zebaki irudi chini. Kuua vijidudu, kukausha maji na kuipasha zebaki joto ni vipotoshi ambavyo mtoto aliyekisia atavisogelea.

Hata hivyo, upambanuzi mdogo peke yake si hatia. Swali likipatwa na karibu kila mtu, fahirisi haina pa kupanda. Kama somo ni jinsi ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa mwenye kuharisha, mwalimu anataka darasa zima lipate, na kulifuta swali hilo kwa sababu ya namba ni kuitii kanuni kuliko akili. Upande wa pili pia una mpaka wake: kwenye machaguo manne, bahati tupu huleta 0.25, hivyo swali lenye ugumu wa 0.20 linafanywa vibaya kuliko kubahatisha. Ama mada haikufundishwa, au kuna kipotoshi kinachowavuta wengi kwa sababu ya msingi.

Kwa mitihani ya taifa, Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo. Ndani yake mwalimu huona asilimia ya waliochagua kila herufi, pamoja na maelezo ya kilichowavuta. Ni vipotoshi vilivyokwisha kujaribiwa kwa watoto halisi, na ni bure.

Tahadhari kubwa ni ya madarasa madogo. Darasa la wanafunzi 20 hutoa makundi ya watu 5, na hapo mtoto mmoja aliyeteleza husogeza upambanuzi kwa 0.20, yaani daraja zima na zaidi katika kipimo cha Ebel. Mwalimu wa darasa kama hilo aandike hesabu za kila swali kwenye kadi, aunganishe mikondo au mihula miwili mitatu, ndipo atoe hukumu.