Gereji ya bima au fundi wako: hesabu ya IST iliyoingia nyuma ya daladala

Tuchukue Toyota IST ya mwaka 2005, rangi ya fedha, yenye bima kubwa. Kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, imeingia nyuma ya daladala. Bampa na showu vimekwisha, taa ya kulia imepasuka, boneti limekunjika, fenda limebonyea, rejeta inavuja na betri imepasuka. Eabegi hazikufumuka. Polisi wameshaandika ripoti yao, fomu ya dai imeshajazwa, na sasa kampuni ya bima inataka gari lipelekwe kwenye gereji yake. Mwenye gari ana fundi wake Tabata, anayemfahamu miaka 8.

Kabla hajachagua, kuna karatasi moja ya kuomba, nayo ni makadirio yaliyopitishwa na asesa, yule mkadiriaji wa hasara. Humo kila spea ina mstari wake, na kando ya kila mstari inapaswa kuandikwa ni spea ya namna gani: mpya orijino, mpya isiyo ya mtengenezaji wa gari (wengi tunaiita ya Taiwan, hata ikitoka kwingine), au used ya Japani. Karatasi ikisema tu “taa ya mbele, 1”, gereji imeachiwa uhuru wa kuweka yoyote kati ya hizo tatu. Bei zake hazikaribiani hata kidogo.

Twende kwenye hesabu. Bei hizi ni za mfano tu, nazo nimeziacha bila VAT. Asesa amepitisha spea za shilingi 1,500,000, kazi na rangi 900,000, jumla 2,400,000. Ndani yake mna betri mpya ya 200,000. Betri iliyopasuka ilikuwa na miaka miwili, hivyo bima inasema italipa nusu, kwa kuwa haiwezi kukupa kipya bure mahali pa kilichochakaa. Makato haya ya uchakavu huangukia zaidi betri, matairi na shokapu. Dai linabaki 2,300,000. Kisha kuna eksesi, kile kipande cha dai unachobeba mwenyewe. Tuseme mkataba wako unasema asilimia 10, basi ni 230,000. Ukienda gereji ya bima, mfukoni mwako zinatoka 330,000 na gari linarudi limekamilika.

Njia ya pili ni kuomba ulipwe taslimu. Mikataba mingi huipa kampuni, siyo wewe, uamuzi wa kutengeneza, kubadilisha au kulipa fedha, kwa hiyo ni ombi, siyo haki. Ikikubali utapata 2,070,000. Uliza mapema kama wamekata VAT, maana hukata mara nyingi pasipokuwa na risiti ya mashine. Fundi wa Tabata anazunguka Ilala, anapata used za Japani pamoja na betri mpya kwa 850,000. Kazi na rangi anataka 500,000. Gari linatengenezwa kwa 1,350,000 na mwenye gari anabaki na 720,000. Ndiyo maana watu wengi huipenda njia hii, na siwalaumu.

Ila bampa likishafunguliwa ndipo ajali inapoonekana. Sapoti ya rejeta imepinda, kondensa ya eyakondishena imetoboka, gesi imeisha. Tuseme ni 450,000 zaidi. Kwenye gereji ya bima kazi husimama, asesa anaitwa tena, anaongeza makadirio, nawe unaongeza asilimia yako 10, yaani 45,000, na pengine wiki nzima ya kusubiri. Aliyechukua taslimu amekwisha kusaini hati ya kumaliza dai, ile mafundi na mawakala huiita dischaji, na humo ameandika kwamba hana dai tena kwa bima. Hizo 450,000 ni zake zote. Hata hivyo bado amebaki na 270,000, wakati mwenzake ametoa 375,000. Kwa IST hii fundi wa mtaani ameshinda. Mizani ingegeuka kama hasara iliyojificha ingezidi kidogo milioni 1.16, na chesesi ya mbele ikipinda kiasi hicho hufikiwa upesi.

Kwa hiyo shauri langu ni kwamba usisaini chochote kabla gari halijafunguliwa. Mpe fundi wako ruhusa ya kufungua bampa mbele ya asesa, hata ukimlipa ya siku moja. Ikionekana chesesi imesogea, eabegi zimefumuka, au gari lina mkopo wa benki (benki nayo ina sauti kwenye malipo hayo), liache kwenye gereji ya bima. Huko kazi ikiharibika wa kubanwa ni kampuni iliyoichagua gereji, na ikikataa kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Fundi wako akiharibu, kilichobaki ni urafiki wenu.

Sasa spea zenyewe. Watu hudhani kipya lazima kishinde used, lakini kwa bodi mara nyingi ni kinyume. Boneti au fenda lililovuliwa kwenye IST ya Japani lilitoka kiwandani kwa vipimo vya gari hilohilo, hivyo matundu yanakaa. Jipya la bei rahisi huwa na bati jembamba, na tundu la bolti likikosea kwa milimita tatu fundi hulitanua kwa faili, kisha nafasi kati ya boneti na fenda inakuwa pana mbele na finyu nyuma. Ndiyo maana bodi hujaribiwa kabla ya rangi. Lifungwe kavu, ulitazame, ndipo lipakwe. Na ukipata used yenye namba ya rangi ileile iliyo kwenye kibati cha gari, penye C/TR, kwa mfano 1F7 ya rangi ya fedha, unaweza kuokoa gharama ya kupaka, ingawa jua la Dar huenda limeifanya yako ififie zaidi.

Taa ina mtihani wake. Kwenye kioo cha taa ya Japani husomeka jina la aliyeitengeneza, kama Koito, Stanley au Ichikoh, pamoja na namba. Namba ya taa mpya ilingane na ya taa yako ya kushoto ambayo haikuguswa, kwa sababu IST ilibadilishwa sura mwaka 2005 na taa za kabla na baada si moja. Geuza taa uangalie masikio ya kufungia: yaliyogundishwa kwa gundi yatatikisika barabarani. DEPO na TYC ni za Taiwan na si feki. Ni spea halali za mtengenezaji mwingine, mradi umelipa bei yake, siyo bei ya orijino.

Breki, mikono ya usukani na shokapu ni habari nyingine. Vitu hivyo vinunue vipya, popote gari litakapotengenezwa, kwa maana uchakavu wa used hauonekani kwa macho. Eabegi ya used usiikubali kabisa.

Siku ya kuchukua gari omba spea za zamani uonyeshwe, hata kama bima ndiyo itazichukua. Taa yako iliyopasuka isipokuwepo, huenda haikubadilishwa. Kama eabegi zilifumuka, washa swichi bila kuwasha injini utazame taa ya eabegi kwenye dashibodi: inapaswa kuwaka kama sekunde 6, kisha izime. Ikibaki inawaka mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, huenda kuna aliyeing'oa balbu.