Je, Kalori za Protini Zipunguzwe Kwenye Hesabu?
Chakula na Uzito: Sehemu ya 3

Katika sehemu iliyotangulia tuliangalia jinsi ya kukadiria chakula cha siku nzima. Leo tushughulikie hesabu moja inayosikika sana katika majumba ya mazoezi ya Westlands, na siku hizi hata Kangemi na Uthiru. Wakufunzi huwaambia wateja wao hivi: gramu moja ya protini imeandikiwa kalori 4, lakini mwili huteketeza karibu robo yake katika kazi ya kuimeng'enya, basi ihesabuni kuwa 3. Anayekula gramu 100 za protini kwa siku anaona amepata kalori 100 za kuongezea sahani.

Jambo lenyewe lina ukweli ndani yake. Kosa liko katika mahali pa kuliingiza kwenye hesabu.

Tuanze na hiyo 4. Ilitokana na kazi ya Mmarekani Wilbur Atwater, aliyekuwa akifundisha katika chuo cha Wesleyan, jimbo la Connecticut, mwishoni mwa karne ya 19. Protini ikichomwa kabisa ndani ya chombo cha kupimia joto hutoa takriban kalori 5.65 kwa gramu. Mwili haufiki huko. Nitrojeni iliyomo katika protini haina pa kuchomwa, kwa hivyo ini huigeuza kuwa yurea na figo zikaitoa kwenye mkojo, ikiwa bado imebeba kalori kama 1.25 kwa kila gramu ya protini iliyotumika. Tena, katika mlo wa kawaida sehemu ndogo ya protini hupita tumboni bila kufyonzwa na kuishia chooni. Atwater alitoa hasara hizo mbili, akabaki na 4. Kwa njia hiyo hiyo mafuta yalipata 9 na wanga 4. Kwa hiyo anayesema kwamba protini haiungui yote mwilini anasema kweli, ila punguzo hilo lilishafanywa zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Kinachobaki nje ya ile 4 ni joto la kazi. Baada ya kula, mwili hupanda joto kidogo kwa saa kadhaa kwa sababu kumeng'enya, kusafirisha na kuhifadhi chakula ni kazi inayolipiwa. Kwa mafuta gharama hiyo ni asilimia 0 hadi 3 ya kalori zake, maana mafuta ya chakula huenda kwenye akiba ya mwili bila kubadilishwa sana. Kwa wanga ni asilimia 5 hadi 10. Kwa protini hufika asilimia 20 hadi 30. Sababu ni kwamba mwili hauna ghala la protini ya ziada. Ile inayoingia huunganishwa upya kuwa protini ya mwili, au huvunjwa na kugeuzwa sukari, na kila hatua inakula nishati. Hata kutengeneza ile yurea kunagharimu.

Wataalamu hawakulisahau jambo hili. Mwezi Desemba 2002, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliwakutanisha wanasayansi mjini Roma kujadili namna ya kuhesabu nishati ya chakula. Mbele yao kulikuwa na pendekezo la kutoa pia joto la kazi, ambalo lingeishusha protini kutoka kalori 4 hadi takriban 3.2. Ripoti iliyotoka 2003 ilishauri ile 4 ibaki. Jedwali la Viungo vya Chakula la Kenya, lililochapishwa Nairobi mwaka 2018 na Serikali kwa ushirikiano na FAO, linafuata utaratibu huo.

Sababu yao kubwa ndiyo kiini cha makala hii. Kiwango cha kalori unachoambiwa mwili wako unahitaji kwa siku kinatokana na vipimo vya nishati ambayo watu huitumia kwa jumla, na ndani ya jumla hiyo joto la kumeng'enya chakula limo tayari. Katika mlo mchanganyiko huwa karibu asilimia 10. Aliyeambiwa kwamba anatumia 2,000 ameshahesabiwa kama 200 za kazi hiyo. Akizipunguza tena upande wa chakula, amezitoa mara mbili.

Tuchukue mfano wa karani anayefanya kazi karibu na Moi Avenue na kulala Uthiru. Anatumia kalori 2,000 kwa siku na anakula gramu 60 za protini. Anaamua kupunguza wanga gramu 40 na kuongeza protini gramu 40, hivyo anafika 100. Kwenye daftari jumla haibadiliki: kalori 160 zimetoka, 160 zimeingia. Joto la kazi la zile 160 za wanga, tuseme asilimia 8, ni kalori 13. La protini, kwa asilimia 25, ni 40. Tofauti ya kweli ni kalori 27 kwa siku, nguvu ya gramu 3 za mafuta ya kupikia, ambazo hazijazi hata kijiko cha chai. Lakini akifuata ushauri wa mkufunzi atajipa 100. Zile 73 zisizokuwepo zitamfikia kila siku, na baada ya wiki ni zaidi ya 500.

Sasa tazama makosa makubwa yanakotoka. Buchari ya Nairobi hupima nyama mbichi, pamoja na mfupa, kabla haijaingia jikoni. Karani wetu anaagiza nusu kilo. Tuseme mfupa ni gramu 100. Zinabaki 400 za nyama, na motoni hupoteza maji na mafuta karibu theluthi moja. Kinachofika kwenye ubao, kando ya kachumbari, ni gramu 280 hivi. Akiandika gramu 500 za nyama choma kwenye simu, amejiandikia kalori zaidi ya 400 ambazo hakuzila. Kinyume chake hutokea kwenye sukuma wiki ya kibandani: kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori kama 120, na mpishi hapimi.

Kuna mahali pamoja ambapo 4 ni kubwa mno kwa kweli, nako ni kwenye mbegu na nafaka. Protini ya maharagwe hufyonzwa kwa shida kuliko ya nyama, na wataalamu wa Marekani waliokokotoa kila chakula peke yake waliipa maharagwe takriban 3.47 kwa gramu, nyama 4.27. Anayeishi kwa githeri na ndengu hupata kidogo kuliko jedwali linavyosema. Hata hivyo, kwa gramu 40 za protini ya maharagwe pengo ni kalori 21 tu.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: iacheni protini kwenye 4. Ongezeni protini ikiwa inawashibisha na kulinda misuli mnapopungua, maana huko faida yake ni kubwa kuliko zile kalori 27. Kisha pimeni uzito asubuhi kabla ya chai, mara kadhaa kwa wiki, mkatafute wastani. Wiki nne zikipita bila wastani kusogea, rekebisheni kiwango cha siku nzima, kwa mfano kwa kupunguza kalori 150. Mizani itakuwa imehesabu joto la protini, mafuta ya kibandani na mfupa wa buchari kwa pamoja.

Wiki ijayo: ugali, na kwa nini unga uleule husomeka kalori tofauti ukiwa mkavu na ukiwa umepikwa.