Witiri ina ufunguo, shufwa haina

Kuna kosa moja ambalo mwalimu wa Hisabati ya Juu hulitambua akiwa bado mlangoni mwa darasa. Swali ubaoni linataka intigrali ya sini kipeo cha pili. Mwanafunzi wa Kidato cha Sita anakumbuka kwamba intigrali ya x² ni x³/3, anashika chaki, na bila kusita anaandika:

∫ sin²x dx = sin³x/3 + C

Jibu linapendeza kwa macho, lakini si sahihi, na njia ya kulibaini ni fupi. Intigrali ni safari ya kurudi nyuma: mtu hutafuta kitu ambacho derivativi yake, yaani kasi yake ya kubadilika, ndiyo ile aliyopewa. Kwa hiyo jibu lolote linaweza kupimwa kwa kutafuta derivativi yake. Derivativi ya sin³x/3 ni sin²x · cos x. Pametokea kosini ambayo swalini haikuwamo. Mwanafunzi angekuwa na kosini moja ya ziada mwanzoni, jibu lake lingekuwa sahihi kabisa.

Kosini moja tu. Upungufu huo mdogo ndio unaozigawa intigrali hizi katika makundi mawili, na kwa bahati nzuri Kiswahili kina majina yake tayari, yanayofundishwa tangu shule ya msingi: witiri na shufwa. Namba shufwa, kama 2, 4 na 6, hugawanyika jozi jozi pasipo kubakiza kitu. Namba witiri, kama 3, 5 na 7, hubakiza moja isiyo na mwenzake. Waislamu wanalijua neno hilo pia katika sala ya witiri, ambayo rakaa zake hazipangiki jozi jozi. Katika hesabu hizi, huyo mmoja anayebaki ndiye anayefungua mlango.

Chukua sin³x. Vipeo ni vitatu: viwili vinafanya jozi, kimoja kinabaki. Kinachobaki kiwekwe pembeni kwanza, kwa maana kina kazi yake:

sin³x = sin²x · sin x

Jozi sasa inabadilishwa kwa kanuni inayotokana na pembetatu mraba, ileile ya Paithagorasi: sin²x + cos²x = 1. Kwa hiyo sin²x ni 1 − cos²x, na swali linakuwa hivi:

∫ (1 − cos²x) · sin x dx

Ndani ya mabano kuna kosini peke yake. Nje kumesimama ile sini moja, na derivativi ya kosini ni −sin x. Basi cos x ipewe jina fupi, u. Hapo sin x dx inakuwa −du, sini zinatoweka zote, na kinachobaki ni hesabu ya vipeo vya kawaida ambayo hata mwanafunzi wa kidato cha chini angeimudu: −∫ (1 − u²) du. Jibu ni −u + u³/3, au kwa maneno ya mwanzo:

∫ sin³x dx = −cos x + cos³x/3 + C

Kipeo kikiwa cha 5, jozi zinakuwa mbili na mabano yanainuliwa kwenye kipeo cha pili. Kikiwa cha 7, jozi ni tatu. Kazi ya mkono huongezeka, wazo halibadiliki. Kosini nayo hutendewa vivyo hivyo: moja huwekwa pembeni, jozi zake hugeuzwa kuwa sini. Hata zikichanganyika, kama katika sin²x · cos³x, inatosha moja kati yao iwe na kipeo witiri. Hapa ni kosini, hivyo kosini ndiyo inayokatwa moja, na jibu ni sin³x/3 − sin⁵x/5 + C.

Je, ujanja huohuo ukijaribiwa kwa sin²x? Jaribio hilo lafaa lifanywe walau mara moja, kwani ndilo linaloonyesha ukuta ulipo. Sini moja inawekwa pembeni, inabaki sini nyingine moja, ambayo haina jozi ya kugeuzwa. Ikilazimishwa iwe kosini inakuja na kipeuo: √(1 − u²). Swali limekuwa gumu kuliko lilivyokuwa. Na sini zote zikiachwa katika jozi, hakuna iliyobaki nje ya kufanya kazi ya du. Shufwa haina ufunguo.

Kwa hiyo njia inabadilika, na kanuni inabadilika. Inayotumika sasa ni ile ya pembe maradufu:

sin²x = (1 − cos 2x)/2
cos²x = (1 + cos 2x)/2

Badala ya kumtafutia mtu mwenza, kanuni hii inamteremsha ngazi. Upande wa kushoto kuna kipeo cha pili. Upande wa kulia hakuna kipeo, ila pembe imekuwa mara mbili. Na cos 2x haina matata, intigrali yake ni sin 2x/2. Basi:

∫ sin²x dx = x/2 − sin 2x/4 + C

Hiyo 4 ndiyo inayowaangusha wengi. Wanakumbuka 2 ya kanuni, wanasahau 2 inayozaliwa na pembe maradufu, wanaandika sin 2x/2. Derivativi huwaumbua papo hapo. Kwa sin⁴x mtu huteremka ngazi mara mbili: kanuni inatumika, mabano yanainuliwa, cos²2x inajitokeza, kanuni inatumika tena na pembe inafika 4x. Mwishoni sin⁴x ni 3/8 − cos 2x/2 + cos 4x/8, vipande vitatu vyepesi.

Tofauti ya makundi haya mawili haiishii kwenye njia. Inaonekana hadi kwenye majibu. Grafu ya sini, kuanzia 0 hadi π (nyuzi 180), ni nundu moja iliyo juu ya mstari wa chini, na kilele chake kina kimo cha 1. Eneo lililo chini ya nundu hiyo ndiyo intigrali yake. Kwa sin x yenyewe eneo ni 2. Kwa sin²x ni π/2. Kwa sin³x ni 4/3. Kwa sin⁴x ni 3π/8, na kwa sin⁵x ni 16/15. Witiri hutoa sehemu za kawaida, shufwa hutoa π kila mara. Sababu iko kwenye jibu la sin²x hapo juu: ndani yake imo x tupu, iliyotokana na ile nusu isiyobadilika, na x hiyo inapofika mwisho wa nundu inakuwa π. Majibu ya witiri yana vipeo vya kosini tu, na kosini pale mwanzoni na mwishoni ni 1 na −1.

Maeneo hayo yakiandikwa kwa desimali, yaani 2, 1.57, 1.33, 1.18, 1.07, yanapungua hatua kwa hatua, na ndivyo yanavyopaswa. Sini haizidi 1, hivyo kila kipeo kinachoongezwa huikondesha nundu. Mwanafunzi aliyepata −4/3 kwa sin³x hahitaji kuambiwa na mtu: nundu iko juu ya mstari, eneo lake haliwezi kuwa hasi, kuna alama ya kutoa iliyopotea njiani. Mara nyingi ni ile ya −du.

Mwingereza John Wallis, katika kitabu alichokitoa mwaka 1656, alionyesha kwamba π/2 hupatikana kwa kuzidisha bila kikomo 2/1 · 2/3 · 4/3 · 4/5 · 6/5 · 6/7 na kuendelea. Wallis alifika huko kwa njia yake, kabla ya Newton na Leibniz kuijenga kalkulasi tunayoijua. Siku hizi kawaida huthibitishwa kwa haya maeneo ya nundu: shufwa huleta π, witiri huleta sehemu, na jirani hawa wawili kadiri vipeo vinavyopanda huzidi kukaribiana.

Kuna mahali ambapo kundi la shufwa hufanya kazi kila jioni bila kutajwa: kwenye soketi ya ukutani. Umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230, na mawimbi yake hujirudia mara 50 kwa sekunde. Volti hiyo si kilele cha wimbi. Kilele ni kama volti 325, na kila wimbi hupanda hadi hapo, hushuka hadi sifuri, kisha hugeuka upande wa pili hadi −325. Ukitafuta wastani wa kawaida wa wimbi zima utapata sifuri, jambo ambalo mwenye pasi ya moto mkononi hawezi kulikubali. Joto la pasi hufuata kipeo cha pili cha volti, na kipeo cha pili hakijali upande.

Wastani unaohitajika, basi, ni wa sin²x. Kanuni ya pembe maradufu inautoa bila hata kumaliza hesabu: nusu, ukiondoa wimbi la cos 2x ambalo katika mzunguko mzima hujifuta lenyewe. Kipeo cha pili cha 325 ni 105,625. Nusu yake ni takriban 52,800. Kipeuo cha pili cha hiyo ni karibu 230. Namba iliyoandikwa kwenye kibandiko cha pasi imetoka huko.

Kanuni hiyo inasema na jambo jingine. Pasi ya wati 1,000 haitoi wati 1,000 kwa utulivu. Nusu isiyobadilika ndiyo wati 1,000. Juu yake kuna lile wimbi la pembe maradufu, linaloipandisha pasi hadi karibu wati 2,000 na kuirudisha sifuri. Kwa kuwa pembe ni maradufu, hilo hutokea mara 100 kwa sekunde, si 50. Chuma cha pasi ni kizito na hupoa polepole, kwa hiyo shati halihisi kitu.

Limebaki jambo moja linalowasumbua watahiniwa. Majibu mawili ya swali moja yanaweza kuwa na sura tofauti na yote yakawa sahihi. Intigrali ya sin x · cos x, ambapo vipeo vyote ni witiri, mmoja ataipata kuwa sin²x/2, mwingine −cos²x/2, kwa kuwa kila mmoja alichagua mwingine wa kuweka pembeni. Ukitoa jibu moja kwenye jingine unabaki na 1/2, namba isiyobadilika, ambayo imemezwa na ile C. Anayepata jibu lisilofanana na la mwisho wa kitabu asilifute kwanza. Aweke x = 0 katika yote mawili, aandike tofauti yake, kisha aweke x = 1 na atazame kama tofauti ni ileile. Ikibadilika, ndipo atafute kosa, na pa kuanzia ni kwenye alama ya kutoa na kwenye ile 4.